Mtoto ameumia kwenye parseli ya mwingine: namna ya kuichambua kesi hatua kwa hatua

Kila mara wanafunzi wa sheria hapa Lubumbashi wanapofika kwenye sheria ya Kiingereza ya madhara, maswali mawili hurudi. La kwanza: "Mtoto aliingia mwenyewe, hakuna aliyemwita. Kwa nini mwenye parseli alipe?" La pili ni kinyume chake: "Kama kitu kinavuta watoto, mwenye nacho si analipa moja kwa moja?" Wanaouliza wamesikia kwamba sheria hiyo ina neno maalum kwa kitu kinachomvuta mtoto kwenye hatari, wakadhani neno hilo peke yake linamaliza kesi. Halimalizi. Humu nitakiita kitu hicho kivutio, na nitaonyesha kivutio kinaingia katika hatua ipi na kinathibitisha nini.

Nimetunga mfano mmoja tutakaokwenda nao mpaka mwisho. Usome polepole, kwa sababu kila sentensi itatumika.

Katuba kuna shantie ya nyumba. Mwenye parseli anaishi Likasi. Kazi yote pamoja na ufunguo wa lango amemwachia fundi mkuu. Ukuta wa mbele umekwisha, lakini wa nyuma umebaki na pengo, na majirani hupita hapo na bidoni zao kwenda kuchota maji upande wa pili. Fundi anawaona na hasemi kitu. Hatua chache kutoka kwenye njia hiyo kuna rundo la mchanga, na nyuma ya rundo, kama mita mbili, kuna shimo la chokaa iliyozimwa kwa maji. Juu chokaa imeshika ukoko mweupe, mkavu, unaoonekana kama sakafu. Shimo halina mbao juu yake wala uzio, ingawa mbao za kumwagia zege zimeegemea ukuta. Siku za kazi zamu huwafukuza watoto wanaokuja kucheza mchangani. Jumapili zamu hayupo. Mtoto wa miaka 6 anaingia na kaka yake wa miaka 10, wanapanda mchanga na kuteleza, na yule mdogo anarukia upande wa nyuma. Ukoko unavunjika chini yake. Anaungua miguu mpaka magotini.

(Nje ya sheria, kwa sababu jambo hili hutokea kweli: chokaa yenye maji ikiingia kwenye ngozi, vua nguo zilizoguswa na mwagia maji mengi safi yanayotiririka kwa dakika 20 au zaidi, kisha hospitali. Maumivu yanaweza kuchelewa huku chokaa ikiendelea kula ngozi, kwa hiyo usisubiri mtoto alie ndipo uanze.)

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Sheria mbili za Uingereza kuhusu wajibu wa mwenye mahali: ya 1957, inayohusu wageni walioruhusiwa, na ya 1984, inayohusu walioingia bila ruhusa. Ukiwa na kesi ya Kenya, chukua Sura ya 34 ya sheria zao, inayofuata njia ya ile ya 1957.
- Kode sivile ya Kongo, kitabu cha tatu, ibara za 258 hadi 262, na kode penali, ibara za 52 hadi 54.
- Umri wa mtoto kwa miaka na miezi, kutoka cheti cha kuzaliwa.
- Mchoro wa mahali wenye vipimo: pengo, njia, kitu kilichomvuta, kitu kilichomuumiza, na umbali kati ya kimoja na kingine.
- Picha zilizopigwa kutoka kimo cha mtoto. Mtu mzima akipiga picha amesimama wima, shimo linaonekana vizuri. Piga magoti, piga tena, ndipo utajua mtoto aliona nini.
- Majina ya watu watatu au wanne waliowahi kuona watoto wakicheza hapo kabla ya ajali.

Hatua ya 1. Amua ni sheria ya nchi gani

Ajali ikitokea Katuba, mahakama ya Lubumbashi itatumia kode ya Kongo. Ikitokea ng'ambo ya Kasumbalesa, uko Zambia, na mawazo ya Kiingereza ndiyo yanayofanya kazi. Katika hatua ya 2 hadi ya 7 tutajifanya shantie yetu iko chini ya sheria ya Kiingereza, kwa sababu humo ndimo kivutio kilimokulia. Katika hatua ya 8 tutairudisha Katuba.

Kosa la kawaida: kuandika ombi la Lubumbashi lililojaa kesi za London. Jaji wa hapa hafungwi nazo. Unaweza kuchukua namna yao ya kupima mambo, ila usiziweke kama msingi wa haki unayodai.

Hatua ya 2. Tafuta nani anashika mahali

Sheria ya Kiingereza haiulizi hati ya parseli iko kwa jina la nani. Inauliza nani alikuwa na uwezo wa kutosha wa kusimamia mahali hapo. Tangu kesi ya Wheat v Lacon ya 1966 inajulikana pia kwamba mahali pamoja panaweza kuwa na wenye kupashika wawili au zaidi, kila mmoja kwa kiasi cha usimamizi wake. Katika mfano wetu fundi ana ufunguo, anaweka zamu na anaamua shimo lichimbwe wapi. Yeye ndiye wa kwanza. Mwenye parseli wa Likasi unaweza kumtaja pia, lakini utahitaji kuonyesha kwamba alibaki na sauti katika mambo ya usalama, kwa mfano alikuja kukagua na akaliona shimo wazi.

Hatua ya 3. Mtoto aliingia kama nani?

Hapa wanaoanza huteleza zaidi, kwa sababu historia imewaachia vitabu viwili vinavyopingana.

Zamani, aliyeingia bila ruhusa hakuwa na haki karibu yoyote. Mwaka 1929, katika Addie v Dumbreck, mtoto wa miaka 4 aliuawa na gurudumu la mashine kwenye mgodi wa makaa, na familia ikashindwa kwa sababu hiyo hiyo. Ili kukwepa ukali huo, majaji walikuwa wamekwisha kukitumia kivutio kwa kazi ya ajabu: walisema kwamba mtu anayeweka kitu cha kuvuta watoto mahali wanapofika, akijua wanakuja na asifanye lolote, ni kama amewaruhusu. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 1909 katika kesi ya kampuni ya reli ya Ayalandi: watoto walikuwa wakipita kwenye pengo la ua na kucheza kwenye meza ya kugeuzia magari ya treni, kampuni ikijua. Mtoto wa miaka 4 alipoumia, kampuni ilishindwa.

Leo hulazimiki kutumia ujanja huo kwa nguvu zote. Mwaka 1972, katika kesi ya Herrington, mtoto wa miaka 6 alipita kwenye uzio wa reli uliobomoka akaunguzwa na reli ya umeme, na mahakama ya juu ya Uingereza ikakubali kwamba hata aliyeingia bila ruhusa anastahili kutendewa kwa ubinadamu. Baadaye sheria ya 1984 ikaweka masharti matatu: mwenye mahali anajua hatari au ana sababu ya kuijua, anajua au ana sababu ya kuamini kwamba mtu anaweza kufika karibu na hatari hiyo, na hatari yenyewe ni ya namna ambayo ni haki kutarajia amkinge mtu huyo.

Sasa ifanyie kazi shantie yetu, kwa njia zote mbili.

Njia ya kwanza ni kusema mtoto alikuwa na ruhusa. Majirani walipita na bidoni, fundi akawaona na kunyamaza. Huo ni uvumilivu unaoweza kuhesabiwa kuwa ruhusa. Ila ruhusa hiyo ni ya njia, si ya mchanga. Mtu mzima akiacha njia na kwenda kuchimbachimba nyuma ya rundo, ameivuka ruhusa yake. Kwa mtoto mdogo hesabu inabadilika: ukimwachia apite hatua chache kutoka rundo la mchanga, huwezi kudai kwamba atabaki njiani. Hapo kivutio bado kina kazi ya kweli, nayo ni kueleza kwa nini mtoto aliyekuwa mahali halali alitoka humo bila kupoteza ulinzi wake.

Njia ya pili ni kukubali kwamba hakuwa na ruhusa. Wakili wa fundi atasema: "Zamu aliwafukuza kila siku, watawezaje kuwa na ruhusa?" Usipigane naye hapo. Kumfukuza mtoto kila siku kunaonyesha kwamba hakuruhusiwa, na papo hapo kunaonyesha kwamba mwenye mahali alijua watoto wanakuja. Ushahidi huo ukikuangusha kwenye ruhusa, unatimiza sharti la pili la 1984. Andika njia zote mbili katika kazi yako, moja baada ya nyingine, na usizichanganye katika aya moja.

Hatua ya 4. Tenganisha kilichomvuta na kilichomuumiza

Chora safu mbili. Upande wa kushoto andika kitu kilichomvuta mtoto, upande wa kulia kitu kilichomuumiza. Kisha uulize kuhusu kile cha kulia: mtoto wa umri huu angeitambua hatari yake?

Kesi ya msingi ni Glasgow Corporation v Taylor ya 1922. Mtoto wa miaka 7 alichuma matunda ya kichaka kilichokuwa katika bustani ya mimea ya mji, bustani iliyofunguliwa kwa watu wote, akayala na kufa. Ulikuwa mmea wa beladona. Matunda yake yanang'aa na yanafanana na matunda ya kula. Kwa madai ya baba yake, mji ulijua kwamba ni sumu, na haukuweka uzio wala onyo linaloeleweka. Mahakama ilisema madai hayo, yakithibitishwa, yanatosha kuufanya mji uwajibike. Angalia kilichobeba kesi. Uzuri wa matunda ulikuwa nusu tu. Nusu ya pili ni kwamba sumu haionekani, na mwenye bustani aliijua huku mtoto hawezi kuijua. Katika kesi hii kilichomvuta mtoto na kilichomuumiza ni kitu kimoja, ndiyo maana wanaoanza husahau kwamba ni maswali mawili.

Sasa tazama upande wa pili. Mwaka 1934, katika kesi ya Liddle, mtoto wa miaka 7 alipanda rundo la udongo lililoegemea ukuta na kuanguka akiwaonyesha wenzake mchezo. Alishindwa, kwani kuanguka kutoka juu ni hatari ambayo hata mtoto wa umri ule anaijua. Mwaka 2006, katika kesi ya Keown, mvulana wa miaka 11 alipanda ngazi ya dharura ya jengo la hospitali kwa upande wa nje akaanguka. Ngazi haikuwa na kasoro; hatari ilitoka katika alichokifanya mwenyewe, naye alijua. Akashindwa. Maji na moto vimekuwa vikitazamwa vivyo hivyo mara nyingi, kwamba mtoto hufundishwa kuviogopa mapema. Kwa hiyo shimo la matofali lililojaa maji wakati wa masika, hata kama watoto wote wa mtaa wanalipenda, ni kesi ngumu kuliko watu wanavyodhani. Ili uishinde itabidi uonyeshe kitu kilichojificha ndani yake: ukingo unaoporomoka, kina kinachoshuka ghafla pale ambapo maji yanaonekana ya magotini, matope yanayoshika mguu.

Katuba yetu je? Kushoto: mchanga. Kulia: chokaa. Mchanga wenyewe hauna hatari ya kutosha, na kama mtoto angevunjika mkono kwa kuteleza kutoka juu yake, Liddle ingemmaliza. Chokaa ni habari nyingine kabisa. Ukoko wake unaonekana kama ardhi ngumu, na kwamba uji ulio chini unachoma ngozi ni elimu ya fundi. Mtoto wa miaka 6 hana njia ya kuijua. Kaka wa miaka 10 huenda hajui pia, na wapo watu wazima wasiojua.

Kinachobaki ni kuunganisha safu hizo mbili. Kilichomvuta hakikumuumiza, kwa hiyo onyesha kwamba kilimfikisha. Hapa ndipo mita mbili za mchoro wako zinapolipa. Kama shimo lingekuwa upande mwingine wa parseli, mita ishirini nyuma ya mlango uliofungwa, mchanga usingekusaidia chochote.

Kosa la kawaida: kuandika "kitu hiki ni kivutio, kwa hiyo mwenye mahali anawajibika" na kusonga mbele. Kila mti wa embe unavuta watoto. Ukiona umeandika sentensi hiyo, rudi kwenye safu ya kulia.

Hatua ya 5. Umri, na wazazi walikuwa wapi

Sheria ya 1957 inamtaka mwenye mahali awe tayari kwa watoto kuwa na uangalifu mdogo kuliko watu wazima. Hilo huwafurahisha wanaoanza mpaka wafike kwenye Phipps v Rochester Corporation ya 1955.

Mtoto wa miaka 5 alikuwa akitembea na dada yake wa miaka 7 kwenye uwanja mkubwa uliokuwa ukijengwa nyumba na mji. Alianguka kwenye mtaro mrefu uliochimbwa kwa ajili ya mabomba, akavunjika mguu. Watu walikuwa wakipita uwanja huo na mji ulivumilia, kwa hiyo ruhusa haikuwa tatizo. Lakini jaji Devlin alisema kwamba wajibu wa kuwalinda watoto wadogo sana uko kwanza kwa wazazi, na mwenye mahali ana haki ya kutarajia kwamba mzazi mwenye busara hamwachi mtoto wa umri ule aende peke yake mahali pa namna ile. Mtoto akashindwa. Mwaka 1983, katika kesi ya Simkiss, mtoto wa miaka 7 aliteleza kwenye mteremko karibu na nyumbani. Baba yake mwenyewe hakuuona mteremko ule kuwa hatari, na mahakama ikauliza kwa nini basi mji uuone hivyo.

Phipps ni kesi ambayo wakili wa fundi ataileta, bila shaka. Mjibu kwa mambo, si kwa hasira. Kipimo ni mzazi mwenye busara wa mahali hapo. Katika mitaa ya Katuba watoto wa miaka 6 hucheza nje ya parseli zao, mkubwa akimwangalia mdogo, na majirani wakiwaangalia wote. Lete mashahidi waseme hivyo kwa maneno yao. Onyesha kwamba shantie iko katikati ya nyumba za watu, hatua chache kutoka mlango wa mtoto, wakati Phipps ilihusu uwanja mpana.

Kisha toa hoja iliyo na nguvu zaidi: mtaro wa Phipps ulionekana wazi kwa mzazi yeyote ambaye angefika. Shimo la chokaa lenye ukoko halimwonyi hata mzazi aliyesimama kando yake. Hoja hiyo hiyo inajibu Simkiss. Mama akisema "nilikuwa napita pale na maji kila siku na sikuona hatari," wakili wa fundi atafurahi, lakini wewe utauliza: nani kati ya mama na fundi aliyejua kwamba ule weupe unachoma? Pale ambapo hatari inajulikana kwa elimu ya kazi tu, macho ya mzazi hayawezi kuwa kipimo cha macho ya fundi.

Umri ukipanda, hesabu inageuka. Kwa mtoto wa miaka 3 lawama inawaelekea wazazi zaidi. Kwa kijana wa miaka 14 inamwelekea yeye mwenyewe. Kati ya miaka 5 na 9 hivi ndipo kivutio kinapokuwa na nguvu yake kubwa, kwa maoni yangu, kwa sababu mtoto ameshaanza kuzunguka mtaani na bado hajui vitu.

Hatua ya 6. Sema kilichopaswa kufanywa

Usiandike "fundi alikuwa mzembe" ukaishia hapo. Taja kitendo. Mbao tano juu ya shimo na tofali nzito juu ya mbao. Au kuzimia chokaa ndani ya pipa lenye kifuniko. Au kumwaga mchanga upande mwingine wa parseli. Au kuziba pengo kwa mabati wakati wa wikendi. Kisha sema nini kati ya hivyo kilikuwa tayari pale: mbao za kumwagia zege zilikuwa zimeegemea ukuta. Kinga inapokuwa rahisi na madhara yanapokuwa makubwa, jaji hahitaji kushawishiwa sana.

Bango la onyo ni jambo ambalo watu huuliza sana. Onyo linamwokoa mwenye mahali pale tu linapomwezesha mgeni kuwa salama. Bango lililoandikwa kwa Kifaransa kwenye lango la mbele halimsaidii mtoto wa miaka 6 asiyesoma, aliyeingia kwa nyuma.

Hatua ya 7. Madhara yalitabirika?

Wakili wa fundi atasema: "Tuliogopa mchanga uwaporomokee. Hatukufikiria chokaa." Jibu liko katika Jolley v Sutton ya 2000. Boti bovu lilikuwa limeachwa kwa miaka miwili au zaidi kwenye uwanja wa nyumba za manispaa. Vijana wawili wakaamua kulitengeneza, wakaliinua kwa jeki ya gari, likamwangukia mmoja wao wa miaka 14 na kumpooza. Mahakama ya rufaa ilisema kilichotabirika ni mtoto kupanda na mbao zilizooza kuvunjika chini yake, si kubanwa chini ya boti. Mahakama ya juu ikakataa: ilitosha kutabirika kwamba watoto watalichezea boti na kuumia, kwa sababu watoto wana namna zisizohesabika za kujitafutia hatari. Fidia yake ilipunguzwa kwa asilimia 25 kwa sehemu yake ya lawama.

Kumbuka pia kwamba katika kesi ile manispaa ilikubali kwamba boti lilipaswa kuondolewa. Kama mwenye mahali ana lawama kwa hatari ndogo na angetumia kinga ile ile kuiondoa ile kubwa, hoja yake ya "hatukufikiria" inadhoofika. Kuziba pengo la ukuta kungemkinga mtoto na mchanga na chokaa kwa pamoja.

Kwa mtoto wetu wa miaka 6 sioni jaji akipunguza fidia kwa lawama yake. Kaka wa miaka 10 si mzazi, na lawama yake haihamishwi kwa mdogo.

Hatua ya 8. Rudisha kesi Katuba

Kode yetu haigawi watu kuwa walioruhusiwa na wasioruhusiwa. Ibara ya 258 inasema anayemletea mwenzake hasara kwa kosa lake lazima airekebishe. Ya 259 inaongeza uzembe na kutokuwa mwangalifu. Ibara ya 260 inamshika mtu kwa vitu vilivyo chini ya ulinzi wake. Ya 262 inahusu jengo linaloporomoka kwa kukosa matunzo au kwa kasoro ya ujenzi, kwa hiyo haituhusu hapa. Wanaoanza huiandika kwa sababu tu wameona neno jengo.

Chini ya 258 na 259, kazi ya hatua ya 4 hadi ya 7 inakuwa maelezo ya kosa: fundi alijua watoto wanakuja, alijua chokaa inachoma, alikuwa na mbao, hakufunika. Neno kivutio hulihitaji. Yatumie mambo yale yale, yaliyoandikwa kwa lugha ya kode. Chini ya 260, onyesha kwamba shimo na chokaa vilikuwa chini ya ulinzi wa fundi, yaani yeye ndiye aliyevitumia na kuviongoza, na ujiandae kuonyesha kasoro: shimo lisilofunikwa. Weka 260 kama msingi wa pili wa ombi, usiache 259.

Hoja ya wazazi itarudi hapa kwa sura nyingine, kama ombi la kugawa lawama. Usichanganye: ibara ya 260 inawafanya wazazi wawajibike kwa hasara ambayo mtoto wao anawaletea watu wengine. Haisemi kwamba mtoto aliyeumizwa anapoteza haki yake.

Kuumiza mtu bila kukusudia, kwa kukosa tahadhari, ni kosa pia chini ya kode penali, ibara ya 52 na 54. Kama parke imefungua faili, familia inaweza kujiunga kama parti sivile na kudai fidia ndani ya kesi hiyo hiyo.

Ukikwama

*Hujui kama watoto walizoea kufika pale.* Waulize wanaochota maji na wauzaji wa karibu, si familia pekee. Nyayo ndogo kwenye mchanga zipigwe picha siku hiyo hiyo. Mvua moja inazimaliza.

*Fundi amefunika shimo baada ya ajali.* Hilo halikuharibii kesi. Piga picha ya mbao zilizotumika na uulize zilikuwa wapi siku iliyotangulia.

*Kitu kilichomuumiza mtoto kinaonekana wazi, kama ukuta mrefu au moto.* Rudi hatua ya 4 na utafute kilichojificha. Ukikosa kabisa, iambie familia mapema kwamba kesi ni dhaifu, kabla hawajauza kitu ili walipe gharama za mahakama.

*Fundi na mwenye parseli wanasukumiana.* Washtaki wote wawili na uache mkataba wao uzungumze. Kama hakuna mkataba ulioandikwa, tafuta aliyelipa zamu.

*Fundi ameshatoa pesa kwa familia.* Tazama karatasi waliyotia sahihi. Kama imeandikwa ni kwa ajili ya dawa na hospitali, kesi ya fidia iko wazi na pesa hizo zitatolewa kwenye hesabu ya mwisho. Kama imeandikwa kwamba mambo yamekwisha, mpelekee avoka karatasi hiyo kabla ya kuandika chochote kingine. Na kama bado hawajatia sahihi, waombe waongeze kwa mkono, juu ya sahihi zao, kwamba wamepokea kwa ajili ya matibabu tu.